Hita ya mafuta ya taa inanuka: tuangalie utambi kwanza

Karibuni watazamaji. Hita hii ya utambi wa mviringo imeletwa kwangu ikidaiwa kuwa mbovu: inanuka chumba kizima na moto umesinyaa upande mmoja. Nimeifungua, na hita yenyewe ni nzima.

Sogeeni muuone utambi. Ukingo huu wa juu, unaoungua, ni wa nyuzi za kioo. Ukiwa safi huwa laini ukiubonyeza. Huu umeganda ukoko mweusi, ndiyo maana hata kuushusha ni shida. Penye ukoko mafuta hayapandi vizuri, moto unapungua nguvu, na mvuke unaotoka bila kuungua wote ndio harufu mnayoisikia.

Ukoko umeletwa na nini? Nimemimina mafuta ya tangi hili kwenye glasi na kuweka karatasi nyeupe nyuma yake. Mafuta mazuri ni maangavu kama maji. Haya yameingia umanjano wa kukaa muda mrefu. (Rangi inayotiwa makusudi na wauzaji ni jambo jingine.) Na tazameni chini ya glasi: yale matone yaliyojitenga ni maji. Pamba ya chini ya utambi ikishanyonya maji, mafuta hayapiti. Mafuta haya hayarudi kwenye tangi. Na yakinukia petroli hata kidogo, msiwashe kabisa, yanaweza kulipuka.

Tatizo jingine ni mtumiaji kushusha utambi ili abane mafuta. Jamani, msifanye hivyo! Moto mdogo kuliko kiwango cha hita huzidisha ukoko, harufu na kaboni monoksidi, ile sumu isiyonusika. Moshi mara nyingi husababishwa na kinyume chake: utambi umepandishwa mno, ncha za moto zikawa ndefu na za njano. Harufu fupi ya kuwasha na kuzima ni ya kawaida.

Sasa tuusafishe. Hita ikiwa imepoa, naondoa mafuta, naitoa nje pasipo upepo, naiwasha na kuiacha iishiwe. Moto ukianza kufifia, napandisha utambi hadi mwisho wake na kuuacha uzimike wenyewe. Ikishapoa, napitisha mswaki mkavu kwenye ukingo, na ukoko unapukutika kama majivu. Utambi wa pamba tupu msiuchome hivi, utateketea. Huo hukatwa ncha kwa mkasi, sawasawa pande zote. Na utambi ulioingia maji mengi au uliobaki mgumu baada ya kuchomwa, badilisheni. Mpya uacheni ulowe mafuta nusu saa au zaidi kabla ya kuuwasha.

Hita hii sasa nimeitia mafuta safi, na moto umezunguka sawa pande zote. Kwa kifaa chenyewe, naipa alama nzuri: utambi wake unatoka kwa kufungua skrubu chache tu. Kasoro yake ni kidirisha cha tangi, ni cheusi mno, huwezi kuona rangi ya mafuta yaliyomo. Mkinunua, kabla ya kila kujaza yamimineni kwanza kwenye glasi.