Dau 4,000, bili 4,000, na meneja ananicheka

Jamani hili jukwaa la kununulia matangazo limenichosha, jina silitaji ila walioungua nalo watalijua. Namtangazia mteja duka la magodoro, na hesabu zangu zinasema impresheni 1,000 zinamuingizia faida ya kama shilingi 4,000, basi naweka dau 4,000 nalala usingizi.

Na zamani ilikuwa sawa kabisa, maana mnada ulikuwa wa bei ya pili, mshindi analipa dau la aliyemfuata. Aliyenifuata kaweka 2,500? Nalipa 2,500. Sasa nishushe dau hadi 3,000 ili iweje, bei si itabaki ile ile 2,500, ila siku akija mtu wa 3,500 ananipora nafasi ambayo ningeipata na 500 ikabaki. Nikijitutumua hadi 5,000 na mwenzangu yuko 4,600, nimeshinda hasara ya 600. William Vickrey alishalionyesha hili tangu 1961, sema thamani yako ya kweli ukae kimya.

Kipindi fulani hapa naona kwenye ripoti wastani wa ninacholipa umeganda palepale kwenye dau langu, haupungui hata mia. Kwenye bei ya pili hiyo haiwezekani kila siku. Nikalazimisha wanipe logi, nikakuta hiki:

```
"at": 1
```

2 ndo bei ya pili, 1 ni bei ya kwanza, yaani unalipa ulichoandika. Nampigia meneja wa akaunti anacheka, "Kaka, si wewe mwenyewe uliyeandika 4,000?" Yaani!! Kwenye bei ya kwanza ukiandika thamani yako ya kweli hata ukishinda hubaki na kitu. Inabidi ukate dau, uweke labda 3,000 ubaki na 1,000, huku ukijua unaweza kukosa, na ukate kiasi gani inategemea wapinzani ambao huwaoni. Ndo maana kuna kitufe cha `Bid shading`, kinakisia kwa historia ya kila tovuti. Kwangu kilikuwa kimezimwa na hakuna aliyenambia.

Haya, niwatendee haki kidogo, kuhama kwenyewe sio uhuni wao, hata Google Ad Manager walihamia bei ya kwanza 2019. Tovuti siku hizi zinaendesha minada kadhaa kwa mpigo halafu washindi wanashindanishwa tena, kwa hiyo 4,000 yangu ilikuwa inashinda kule inapelekwa mbele kama 2,500, inapigwa na mtu wa 3,000 wakati mimi nilikuwa tayari kumzidi. Hapo bei ya kwanza ni safi zaidi, nakubali.

Kitufe nimekiwasha, bei imeshuka, nafasi chache zinanipita, nikawa karibu niwape nyota nne. Halafu bili ikaja na makato mapya, asilimia ya "akiba tuliyokuokolea", inayohesabiwa kutoka kwenye 4,000 yangu mwenyewe! Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya logi.