Programu ya tochi inayotaka namba zako, maikrofoni na mahali ulipo: nyota 1 kati ya 5

Taa inawaka vizuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni madirisha matatu ya ruhusa yanayofuatana mara unapoifungua kwa mara ya kwanza: namba ulizohifadhi, maikrofoni, kisha mahali ulipo. Nilibonyeza "Don't allow" kwa yote matatu na tochi ikawaka vilevile. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza: kazi ikifanyika bila ruhusa, ruhusa hiyo haikuombwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu inaweza kuwasha taa ya kamera bila ruhusa yoyote ya kukuuliza. Matoleo ya nyuma yalilazimu programu kuifungua kamera yenyewe ndipo taa iwake, kwa hiyo tochi ya zamani ikiomba kamera inaeleweka. Namba za watu wako hazikuhitajika wakati wowote.

Watengenezaji hujitetea kwa nyongeza. Maikrofoni, wanasema, ni ya kuwasha taa kwa kupiga makofi. Hiyo ni sababu halali, lakini basi ruhusa iombwe pale unapoiwasha nyongeza hiyo. Mahali ulipo, eti ni kwa ajili ya dira. Dira husoma sumaku ya dunia kwa kihisi cha simu, bila ruhusa hiyo. Mahali huhitajika tu kurekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, na hapo makadirio ya eneo yanatosha kabisa.

Kinachonikera zaidi ni ruhusa isiyo na dirisha: intaneti. Android huitoa kimyakimya wakati wa kusakinisha, na ndiyo njia ya kupeleka nje kilichokusanywa. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni iliyotengeneza tochi ya Brightest Flashlight kwa kutuma mahali alipo mtumiaji na kitambulisho cha simu yake kwa mitandao ya matangazo. Data ilianza kutoka hata kabla mtu hajakubali masharti.

Kabla ya kupakua, fungua ukurasa wa programu kwenye Play Store, gusa "About this app", shuka hadi "App permissions". Intaneti nayo imeandikwa humo, kama "full network access". Kama umeshaisakinisha, nenda Settings, Apps, chagua programu, kisha Permissions, uzime kila kimoja. Kwenye Android 12 na kuendelea, kitone cha kijani juu ya skrini huonyesha maikrofoni au kamera inatumika; kikitokea wakati hujagusa nyongeza ya makofi, ifute.

Ujue tu kwamba kuzima ruhusa au kufuta programu hakurudishi namba zilizokwisha kutumwa. Na simu nyingi tayari zina tochi yake: vuta pazia la juu ya skrini, gusa "Flashlight".