Wiki sita za fiziotherapia ya nyumbani baada ya kuwekewa goti bandia: uzoefu wangu

Nina miaka 64, natoka Tanga, na goti langu la kulia limebadilishwa jijini Dar es Salaam baada ya kusumbuliwa na goti kusagika kwa miaka mingi. Siku ya nne niliruhusiwa, nikaenda kukaa kwa mwanangu, na tukamwita mtaalamu wa fiziotherapia awe anakuja nyumbani. Kila ziara nililipa shilingi 40,000. Alikuja mara tatu kwa wiki katika wiki tatu za mwanzo, kisha mara moja kwa wiki mpaka wiki ya sita, jumla ziara 12. Naandika kwa ajili ya anayejiuliza kama gharama hiyo ina maana.

Siku ya kwanza nilidhani ataanza kunikunja mguu, maana wodini ndivyo nilivyofanyiwa: kijana alishika kifundo akasukuma, nami nikalia. Huyu alianza kwa kuondoa mto. Nilikuwa nimeuweka chini ya goti tangu nitoke hospitali kwa sababu ndivyo nilivyopata nafuu ya kulala. Akauvuta, akaviringisha taulo, akaliweka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia hewani. Akachukua kile kipima pembe chao cha plastiki chenye mikono miwili, akaniambia: "Mama, goti linakunjika nyuzi 58, hilo halinitishi. Linalonitisha ni kwamba halinyooki. Limebakiza nyuzi 12."

Alinieleza kwamba goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo maji yaliyomo ndani hupata nafasi. Mto unalibembeleza libaki hivyo hivyo, na nyama za nyuma zikishazoea, mtu anatembea akichechemea hata kama goti lenyewe ni jipya. Basi mto ukahamia chini ya kifundo, goti wazi. Kwa dakika kumi, mara nne kwa siku, kisigino kilikaa juu ya taulo, na ndani ya muda huo nilikaza paja nikisukuma goti chini kuelekea godoro, nahesabu tano, naachia, mara kumi. Siku za mwanzo paja halikuitika kabisa, nikaogopa kwamba wamekata mshipa. Akasema uvimbe wenyewe huzuia msuli wa paja usipokee amri, na kwamba ukipungua, msuli utaamka. Siku ya tisa niliona kwa macho yangu nyama ya juu ya goti ikitikisika.

Kitu kilichonishawishi kwamba anajua kazi yake ni tepu ya fundi cherehani. Kila ziara, kabla ya zoezi lolote, alizungusha tepu katikati ya pia ya goti. Goti zima lilikuwa sentimita 39. Lililofanyiwa upasuaji, siku ya tano, 45. Aliandika namba hiyo kwenye daftari pembeni ya nyuzi za kukunja, na kwa kusoma safu hizo mbili pamoja ndipo nikaelewa ugonjwa wangu.

Barafu hatukununua vifaa. Mkwe wangu aliitwanga kwa mchi, akaitia kwenye mpira ule wa maji ya moto, akauzungushia kanga nyepesi iliyoloa. Dakika 15 hadi 20, mara tano au sita kwa siku, na kila mara baada ya mazoezi. Kanga ni lazima, kwani ngozi ya pale haina hisia sawasawa na inaweza kuungua kwa baridi bila wewe kujua. Wakati wa barafu nililala chali, kifundo juu kuliko goti, goti juu kuliko moyo. Kukaa kwenye kochi mguu ukiwa juu ya kigoda hakutoshi, nilijaribu, tepu ikanisuta.

Kukunja nilifanya kwa namna mbili. Kitandani, kanga imepita chini ya unyayo, navuta kisigino taratibu kuja makalioni. Na kwenye kiti, hii ndiyo iliyonisaidia zaidi: unyayo juu ya kitambaa kwenye sakafu ya vigae, nautelezesha nyuma hadi unapogoma, naukanyagia hapo hapo, kisha nasogeza makalio mbele kidogo tu, nahesabu kumi. Dawa ya maumivu nilimeza dakika 45 kabla. Lengo aliloniwekea lilikuwa nyuzi 90 mwisho wa wiki ya pili, kwa sababu kuinuka kwenye kiti cha kawaida kunadai karibu hivyo au zaidi kidogo, na 110 kwenda juu ifikapo wiki ya sita.

Siku ya 13 nilikuwa nyuzi 85, tepu sentimita 42.5. Kesho yake ikawa Jumapili, wakaja jamaa kutoka Tanga kunipa pole. Nilikaa nao tangu asubuhi hadi magharibi, mguu chini, nikaenda na woka ya kutembelea hadi jikoni na kurudi sijui mara ngapi, barafu nikaisahau. Jumatatu asubuhi tepu ilisoma 45 tena na goti likakunjika nyuzi 70. Nikalia, nikamwambia anisukume kwa nguvu tufidie siku. Alikataa. Alikagua kwanza kidonda, akaminya shavu la mguu taratibu na kuuliza kama linauma au kama napumua kwa shida, akapima joto. Alipoona hakuna dalili ya donge la damu wala ya wadudu, alipunguza mazoezi nusu kwa siku mbili, akaongeza kulala na barafu, na kunitaka nipige kifundo juu na chini mara 20 kila saa nikiwa macho. Siku ya 17 tepu ikawa 42, nyuzi 86, bila mtu kunishika mguu.

Tangu hapo nilijipima mwenyewe kila asubuhi. Kama goti limeongezeka sentimita moja kuliko jana, nilijua jana nilizidisha, nikapunguza kutembea, sikuacha kunyoosha.

Malalamiko yangu ni mawili. Mara tatu alichelewa zaidi ya saa moja, na dawa niliyokuwa nimemeza ikaisha nguvu kabla hajafika. La pili ni zito zaidi: dalili za hatari hakuniachia kwa maandishi, nilizipata kwa sababu jamaa walinivimbisha. Shavu la mguu kuuma na kuvimba upande mmoja, kifua kubana, kidonda kutoa maji au usaha, homa: haya mgonjwa ayajue siku ya kwanza, na ajue kwamba ni ya kukimbilia hospitali, si ya kungoja ziara ijayo. Michubuko ya zambarau iliyoshuka hadi kifundoni, na goti kuwa na joto kiasi, vilinitisha bure. Vyote ni vya kawaida.

Wiki ya sita: nyuzi 112, limenyooka sawa na mwenzake, tepu 40.5. Ameniambia uvimbe huo uliobaki unaweza kuchukua miezi kadhaa. Kwa sasa naswali kwenye kiti, maana sijda inataka goti likunjike kupita nilipofika, na choo cha kuchuchumaa nimekiacha. Nimeongeza ziara mbili kwa ajili ya ngazi, kwani kupanda nimeweza ila kushuka bado nashika ukuta.