Jelatini, Pektini au Wanga: Kuchagua Yogati kwa Kusoma Lebo

Yogati huganda kwa maziwa na bakteria peke yake. Maziwa yakipashwa moto hadi nyuzi 85 za Selsiasi kwa nusu saa hivi, protini zake hubadilika umbo, na bakteria wanapoyachachua hushikana na kuwa wavu unaozuia maji. Kiwandani wavu huo huvunjika yogati inapokorogwa na kusukumwa kwenye mabomba, ndiyo maana baadaye maji hujitenga. Ili kuyazuia, mtengenezaji huongeza protini ya maziwa, ambayo ni ghali, au hutia kigandishi kama pektini, jelatini au wanga.

Ninaiweka ya kwanza yogati yenye maziwa na bakteria tu, hata kama imeongezwa unga wa maziwa. Maji machache juu yake si dalili ya kuharibika, yakoroge tu. Ikiwa unapenda yogati nzito sana, tafuta iliyochujwa, ambayo kwa kawaida huwa na protini gramu 8 hadi 10 katika kila gramu 100.

Ya pili ni yenye pektini (E440), inayotokana na maganda ya matunda jamii ya machungwa au masalia ya tufaha. Katika yogati ya kunywa ina kazi ya lazima, kwa kuwa huzuia protini kugandamana na kutuama chini.

Jelatini ninaiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayoleta ulaini mzuri zaidi, kwa sababu huyeyuka kwa joto la mdomo. Hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, na neno hilo peke yake halikuambii ni mnyama gani. Asiyekula nguruwe atafute maelezo ya chanzo au alama ya halali. Asiyekula nyama kabisa aiache.

Wanga, ambao huenda ukaandikwa E1422 au E1442, ninauweka mwisho. Hauna madhara, lakini huipa yogati uzito ambao mnunuzi hudhani umetokana na maziwa. Katika yogati isiyotiwa sukari wala matunda, karibu kabohaidreti yote ni sukari ya maziwa, kwa hiyo tarakimu za kabohaidreti na sukari kwenye lebo hukaribiana. Chukua mfano wa vikombe viwili: cha kwanza kina kabohaidreti gramu 5, sukari 5 na protini 5, cha pili kina kabohaidreti 9, sukari 5 na protini 3. Gramu 4 zilizozidi katika cha pili kwa sehemu kubwa ni wanga, na protini yake ndogo inathibitisha kwamba maziwa si chanzo cha uzito huo. Tofauti isiyofika gramu moja usiitilie maanani, kwani baadhi ya watengenezaji huhesabu asidi ya maziwa pamoja na kabohaidreti.

Kwenye yogati ya matunda hesabu hii haitegemeki. Huko soma orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na ukumbuke kwamba pektini au wanga huenda umeingia kupitia rojo la matunda lenyewe.