Utafutaji wa maana kwenye masharti ya SACCOS: modeli imenifaa, alama zake sizisadiki

Niseme mapema kwamba maktaba ya sentence-transformers pamoja na modeli ya multilingual-e5-small zimenifaa, na bado nazitumia kazini. Laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki inatosha, na kila kitu ni bure. Malalamiko yangu ni mawili, na yote nitayaeleza.

Kazi yenyewe ni kujibu maswali ya wanachama wa SACCOS. Masharti, sera ya mikopo na majibu tuliyowahi kuwapa watu, ukivikata aya kwa aya, vinafika kama vipande elfu mbili. Kutafuta kwa neno kulikuwa kunanichosha. Mwanachama anaandika WhatsApp: "Mdhamini wangu kaacha kazi, mkopo wangu inakuwaje?" Masharti nayo yanasema: "Endapo mdhamini atakoma kuwa na sifa, mkopaji atawajibika kuleta mwingine." Kinachofanana hapo ni "mdhamini" tu, na neno hilo limejaa kila ukurasa. Halafu kuna viambishi vyetu. Mtu akiandika "sijalipa", kisanduku cha kutafutia hakimpi aya yenye "kutolipwa" wala "marejesho", ingawa jambo ni lile lile.

Modeli inafanya kazi kwa njia nyingine. Inaigeuza kila aya kuwa vekta, yaani orodha ya namba, na kwa e5-small namba hizo ni 384. Aya zenye maana jirani vekta zao huelekea upande mmoja, na kosini ndiyo inayopima ukaribu wa pande hizo. Tuchukue vekta fupi za namba tatu tatu. Swali ni (0.6, 0.8, 0), aya ya kwanza ni (0.8, 0.6, 0), na ya pili ni (0, 0.6, 0.8). Zote zina urefu wa 1, kwa hiyo unazidisha namba kwa mwenzake kisha unajumlisha: aya ya kwanza inapata 0.48 + 0.48 = 0.96, ya pili inapata 0.48. Ya kwanza inashinda. Hakuna muujiza zaidi ya huo.

Na faharasa ni hivi, ambapo aya ni orodha ya vipande vyako na swali ni maandishi ya mwanachama:

```python
from sentence_transformers import SentenceTransformer
import numpy as np

m = SentenceTransformer("intfloat/multilingual-e5-small")
V = m.encode(["passage: " + a for a in aya],
             normalize_embeddings=True)
q = m.encode("query: " + swali, normalize_embeddings=True)
s = V @ q
bora = np.argsort(-s)[:5]
```

Vipande 2,000 mara namba 384 mara baiti 4 ni kama megabaiti 3. Picha moja ya simu inaweza kuwa nzito kuliko hapo. Ndiyo maana sikuona haja ya FAISS, maktaba ya kutafuta haraka kwenye vekta nyingi, wala hifadhidata ya vekta: kwa wingi huu, kulinganisha swali na kila aya ni kufumba na kufumbua. Zile faharasa za kukisia, zinazoharakisha kwa kutolinganisha swali na kila kipande, zinaanza kulipa ukiwa na mamia ya maelfu ya vipande. Usiache tu "query: " na "passage: ", kwa sababu modeli ilifundishwa nayo, na bila hayo matokeo hulegea.

Kuhusu uchaguzi wa modeli, wengi huanza na paraphrase-multilingual-MiniLM-L12-v2 kwa kuwa ni nyepesi na inataja lugha zaidi ya 50. Soma orodha yake: Kiswahili hakimo. Ukiipa Kiswahili haikatai. Inakupa vekta kama kawaida, na hakuna onyo lolote kwamba inabahatisha. Modeli nyingine, LaBSE, inakijua Kiswahili, lakini ilifundishwa kuoanisha sentensi na tafsiri yake, na jibu si tafsiri ya swali. Kwangu ilikuwa inapenda kuleta maswali yanayofanana na swali, huku majibu yakibaki chini. Familia ya e5 ilifundishwa kwa jozi za maswali na aya, na Kiswahili kimo kwenye seti mbili za mafunzo hayo, Mr. TyDi na MIRACL. Tofauti nimeiona.

Sasa lalamiko la kwanza. Alama za e5 zimebanana juu. Maelezo ya modeli yenyewe yanasema kosini zake huangukia kati ya 0.7 na 1.0, kutokana na jinsi ilivyofundishwa. Ukimwonyesha bosi kwamba aya imepata 0.8, ataona ni asilimia 80 ya uhakika. Sivyo kabisa. Niliiuliza bei ya mahindi sokoni, jambo ambalo masharti yetu hayaligusi popote, nayo ikanipa aya tano zenye alama za kupendeza. Haijui kusema "sina".

Kwa hiyo mpaka wa kukataa lazima uutafute mwenyewe kwenye nyaraka zako. Nilikusanya maswali halisi ya wanachama ambayo aya zake za jibu nazijua, nikayawekea kando mengine yasiyo na jibu humo, kisha nikatazama alama ya juu ya kila swali. Makundi hayo mawili yanapishana kidogo, hayaachani safi. Mpaka nimeuweka pale ambapo maswali mengi ya nje yanabaki chini, na lililo kwenye mpishano linasomwa na mtu. Maswali hayo hayo ndiyo kipimo changu kila nikibadili kitu: nahesabu ni mangapi aya sahihi iliingia kwenye tano za kwanza. Ukibadili modeli, mpaka wa zamani unautupa.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Modeli inakamata mada vizuri, lakini inateleza kwenye ukanushi. Linganisha "Mwanachama anaweza kutoa akiba kabla ya mkopo kuisha" na "Mwanachama hawezi kutoa akiba kabla ya mkopo kuisha". Kosini ya hizo mbili iko juu sana, wakati kwa mwanachama tofauti yake ni pesa mkononi au kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwetu ukanushi mara nyingi ni silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, na silabi hiyo haina nguvu ya kuvuta vekta nzima upande mwingine. Sera ya zamani iliyoruhusu jambo na mpya inayolikataza hukaa bega kwa bega kwenye matokeo, na ya zamani inaweza kutangulia. Kubadili modeli hakutibu hili. Nilichofanya ni kuondoa sera zilizofutwa kwenye faharasa, na kila kipande kinabeba tarehe yake inayoonekana na anayejibu.

Namba nazo ni hivyo hivyo. Ukiuliza "kifungu cha 27", inakuletea vifungu vinavyofanana kwa harufu tu. Maswali ya namna hiyo nimeyarudisha kwenye utafutaji wa maneno, BM25, kisha naunganisha orodha mbili kwa nafasi ya kila aya, si kwa alama, maana vipimo vyao havilingani.

Jambo dogo la mwisho ni urefu. E5-small inasoma tokeni 512, yaani vipande vya maneno, na zinazozidi inazikata kimyakimya, na kwenye masharti "isipokuwa" hupenda kukaa mwishoni. Kujua ni rahisi: futa sentensi ya mwisho ya aya, tengeneza vekta upya, pima kosini na ile ya kwanza. Ikitoka 1, au ikipungua kwenye desimali za mwisho kabisa tu, sentensi ile haikuwahi kusomwa, kwa hiyo gawa aya.