Miezi 14 na Fielder ya gesi

Nilinunua Toyota Fielder ya sisi 1500 ambayo mwenyewe alikuwa ameshaifunga mtungi wa gesi. Mimi hutoka Kahawa West hadi Industrial Area kila siku ya kazi, kama kilomita 1,000 kwa mwezi. Bei ilikuwa shilingi 70,000 chini ya Fielder za umri huo zinazotumia petroli pekee.

Kabla ya kulipa nilifungua buti. Mtungi umelala pale palipokuwa na spea, na kibati chake kilisomeka: lita 50, mwaka wa kutengenezwa, na alama ya 67R ya mitungi ya magari. Kama kibati kimepakwa rangi au hakipo, ondoka. Fundi alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba. Kimoja kando ya kipunguza shinikizo kilitoa mapovu, akakibana yakaisha.

Kisha tukaenda kujaza, na hapo ndipo nilipoona kosa kubwa. Mtungi wa lita 50 unapaswa kujikata ukifika 40, yaani asilimia 80, kwa sababu gesi iliyo kimiminika hutanuka gari likianikwa juani na lazima ipate nafasi. Wetu ulikuwa karibu mtupu, lakini pampu ilipita 43 bila kusimama. Nikamwambia mhudumu akate. Boya la vali ya mtungi lilikuwa limekwama. Nilikataa kulipa hadi mwenyewe abadilishe vali. Tulipojaza tena, ilijikata kwenye 39.

Kuhusu akiba, nilipima mwenyewe. Kwa petroli napata kilomita 12 kwa lita, kwa gesi 10. Nilipopima, petroli ilikuwa shilingi 184 na gesi 110. Kilomita 1,000 kwa petroli ni kama 15,300. Kwa gesi ni 11,000, na juu yake lita nne hivi za petroli, kwani asubuhi injini huwaka kwa petroli hadi maji yake yapate joto. Kinachobaki mfukoni ni kama 3,600. Si nusu bei, kama madalali wanavyosema.

Mwezi uliopita nilitaka kuiuza. Mnunuzi wa kwanza aliona mtungi akaniaga papo hapo. Aliogopa watoto kukaa karibu nao. Wa pili alitaka niung'oe nirudishe spea. Wa tatu alipunguza 80,000, wala hakutetereka. Kwa miezi 14 nimeokoa kama 50,000, na kwa kuwa nami nilipunguziwa 70,000, hasara ya kweli pale ni 10,000 tu. Ningekuwa nimenunua kwa bei kamili, au naendesha wikendi pekee, ningeumia vibaya.

Sikumuuzia. Risiti ya vali na picha ya kibati nimeziweka pamoja na kitabu cha gari, kwa sababu yule wa tatu aliuliza hizo kwanza na sikuwa nazo mkononi.