Kununua kazi ya kubadilisha mandharinyuma ya picha: mpango gani unakufaa?

Ukiuza viatu, mikoba au mawigi Instagram, mapema au baadaye utamtafuta mtu wa kukutolea ukuta na zulia nyuma ya bidhaa. Mafundi wengi hutaja bei ya picha moja tu. Bei hiyo haitoshi kukuamulia: mara nyingi pesa huvujia kwenye marekebisho, au unapokea faili usiloweza kulitumia. Hii hapa mipango minne, kuanzia tunaoupenda zaidi. Bei ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania.

1. Bei kwa ugumu wa picha

Picha rahisi (kiatu, chupa isiyopitisha mwanga, boksi): 2,000. Ya kati (baiskeli, cheni, kiti cha wavu): 4,000. Ngumu (nywele, manyoya, glasi, shela): 8,000. Bei ijumuishe kivuli cha chini na awamu mbili za marekebisho.

Tunauweka wa kwanza kwa sababu unafuata kazi yenyewe. Kiatu kina ukingo mmoja ulio wazi. Wigi lina mamia ya nywele ambazo kati yake rangi ya ukuta inapenya. Fundi anayelipwa sawa kwa vyote viwili atalikata wigi kama kofia.

2. Kifurushi cha picha 20 rahisi kwa 32,000

Kila picha inakuwa 1,600. Ni kizuri ikiwa bidhaa zako zinafanana na picha zilizobaki hazifi mwisho wa mwezi. Uliza hilo kabla ya kulipa.

3. Bei moja kwa zote, 3,000, marekebisho yanalipiwa 1,500

Inaonekana nafuu. Chukua mzigo wa picha 24: viatu na mikoba 18, mawigi 6. Kwa mpango huu ni 72,000. Mawigi yote 6 yakirudi mara moja, na viatu 4 vyeupe vilivyoliwa ukingo, unaongeza 15,000 na kufika 87,000. Kwa mpango wa kwanza ungelipa 36,000 na 48,000, jumla 84,000, marekebisho yakiwemo. Ukichanganya kifurushi cha viatu na bei ya ugumu kwa mawigi, ni 80,000, na picha mbili zinabaki akiba.

4. Malipo ya kila mwezi

Acha, isipokuwa unapiga picha mpya kila wiki bila kukosa.

Marekebisho

Ugomvi mwingi unatokana na kutotenganisha mambo mawili. Kosa la fundi, kama ukingo uliobaki na rangi ya ukuta wa zamani au kamba ya mkoba iliyokatwa, lirekebishwe bure hata baada ya awamu kuisha. Kubadili nia ni jambo jingine: ukiagiza nyeupe, ukaikubali, kisha ukataka krimu, kulipa nusu bei ni haki. Awamu moja ni ujumbe mmoja wenye maoni yote, kila oni likiwa na namba ya picha. Ukituma sauti tano siku tatu tofauti, usishangae zikihesabiwa awamu tatu. Muda wa kulalamika uwe siku 7 tangu upokee faili.

Kagua hivi: weka picha iliyokatwa juu ya rangi nyeusi, kisha juu ya nyekundu, na uikuze hadi asilimia 200. Mstari mweupe kuzunguka kiatu, ambao juu ya nyeupe hukuuona, utajitokeza hapo. Kiatu kikionekana kinaelea, kivuli kimesahaulika.

Faili

Dai mawili kwa kila picha: PNG isiyo na mandharinyuma, na JPG yenye rangi uliyochagua, ukubwa usipungue ule wa picha uliyotuma. JPG haihifadhi sehemu zisizo na rangi, kwa hiyo ukipewa hiyo peke yake, kesho ukitaka rangi nyingine kazi ya kukata inaanza upya. PSD, yaani faili la Photoshop lenye tabaka, inaweza kuongezwa kwa 1,000. Kwa mawigi inalipa, kwa maboksi hapana.

Picha zisitumwe WhatsApp kama picha za kawaida. Programu inazibana, na PNG hupoteza uwazi wake. Zitumwe kwa kuchagua Document, au kwa kiungo cha Google Drive kinachobaki wazi siku 30. Majina yawe kama `kiatu-01-nyeupe.jpg`, yasiwe namba za kamera.

Picha ya viza ya Marekani usiipeleke kwa fundi huyu: wizara yao ya mambo ya nje haikubali picha iliyobadilishwa kwa programu. Piga upya mbele ya ukuta mweupe.

Kwa mzigo wa kwanza, lipa picha mbili tu, kiatu cheupe kimoja na wigi moja. Zikipita kwenye nyeusi na nyekundu, toa nusu ya malipo ya picha 22 zilizobaki, na nusu nyingine ukishafungua PNG zote kwenye simu yako.